Gauni jeusi, ukuta wa saruji na simu ya kawaida

Kwenye mitumba ya kuuza mtandaoni, nguo ya maua haisumbui. Unaitundika, unapiga, unaweka Status, na kabla ya jioni watu wameshaanza kuulizia bei. Mtihani ni nguo nyeusi. Na ndiyo hiyo hiyo inayotafutwa: wa ofisini anaitaka, wa kwaya anaitaka, mwenye msiba anaitaka leo leo. Ukiipiga picha ovyo, meseji zinazoingia ni zile zile. "Dada, hiyo ni nyeusi au bluu?" "Mbona kama imepauka?" "Hapo kiunoni kuna mshono au ni kivuli?" Mteja anayeuliza hivyo hajaiona nguo. Ameona giza lenye umbo la gauni.

Mimi nauza magauni na mashati ya kike ninayoyachagua Karume, pale Ilala, na ninayapiga picha nyuma ya nyumba tunayopanga Tabata. Simu ni ya kawaida, ya kamera moja inayofanya kazi ya maana na nyingine za kujaza nafasi. Taa ya duara sina na siitaki. Ile taa ni ya sura za watu. Kwenye satini inaacha duara jeupe katikati ya kifua kama mwezi mpevu, na kwenye kitambaa kingine chochote inafuta mikunjo yote kwa sababu mwanga unatoka mbele moja kwa moja. Nitakachoeleza hapa ni namna ya kuipiga nguo nyeusi, maana ukiweza hiyo, nyingine zote utaziweza.

Simu haijui kwamba gauni ni jeusi

Kamera ya simu ikielekezwa kwenye kitu haijui kitu hicho ni cha rangi gani. Inachofanya ni kupima mwanga unaoingia, kisha inarekebisha ili picha, kwa wastani, itoke na mwanga wa katikati: isiwe giza, isiwe nyeupe pe, iwe mahali fulani karibu na kijivu. Ukipiga watu wamekaa sebuleni, hesabu hiyo inakubali. Ukipiga gauni jeusi inakataa, tena inakataa kwa njia mbili zinazopingana.

Ya kwanza ni pale gauni linapojaza picha nzima. Simu inaona giza tupu, inadhani mahali hapo hapana mwanga, inaongeza. Nyeusi inatoka kijivu, kama nguo iliyoanikwa juani mwaka mzima, na ukiikuza unaona chenga chenga kwenye kitambaa. Huyo ndiye mteja wa "mbona imepauka".

Ya pili ni pale unapolitandika gauni juu ya shuka jeupe, kama watu wengi wanavyoshauri. Sasa picha imejaa weupe. Simu inaona mwanga umezidi, inapunguza. Shuka linatoka la kijivu kidogo, na gauni linazama kabisa: mshono hauonekani, lesi haionekani, vifungo vyeusi vimepotea. Gauni ni lile lile na simu ni ile ile. Kilichobadilika ni kilichokaa nyuma yake.

Kwa hiyo kwa nguo nyeusi shuka jeupe nimeliacha. Ninatumia ukuta wa saruji ambao haujapakwa rangi, upande wa nyuma wa nyumba, ule uliopigwa plasta ukaachwa hivyo hivyo kwa sababu mwenye nyumba hakuona haja ya kupamba mahali pasipoonekana. Ukuta huo una sifa mbili ambazo mtu angeweza kuzinunua kwa hela nyingi studio. Kwanza ni wa kijivu cha katikati, yaani karibu kabisa na kile ambacho simu inakitafuta, kwa hiyo hauivuti simu iongeze wala ipunguze mwanga. Pili hauna rangi yake mwenyewe ya kuiambukiza nguo. Ukuta wa waridi au wa kijani unarudisha mwanga wa waridi au wa kijani kwenye kitambaa, na hapo ndipo shati jeupe linapotoka kama limefuliwa pamoja na khanga mpya.

Kama ukuta wa namna hiyo huna, tafuta kitu chochote kilichotulia cha kijivu au cha rangi ya udongo mkavu: mlango wa mbao usiong'aa, blanketi la kijivu lisilo na michoro, hata sakafu ya saruji iliyofagiliwa vizuri. Khanga na mkeka wa rangi waachie wanaopiga picha za vyungu.

Ukuta peke yake haumalizi kazi. Gusa kwenye kioo cha simu mahali palipo na gauni, kipimo cha mwanga kitatokea, mara nyingi ni alama ya jua yenye mstari pembeni. Ukigusa gauni, simu italipima lenyewe na kulifanya kijivu, usishtuke. Shusha hicho kijua taratibu kwa kidole mpaka weusi urudi. Utajuaje pa kusimama? Chagua sehemu moja ngumu, mimi huchagua mshono wa kwapani au wa kiunoni, uitazame huku unashusha. Ukiona gauni limekuwa jeusi na mshono bado unasomeka, acha hapo. Mshono ukipotea umepitiliza. Halafu gusa na kushikilia kidole mpaka simu ifunge kipimo hicho. Kwenye iPhone inaandika "AE/AF LOCK" juu, kwenye simu nyingi za Android inaonyesha kikufuli. Kwenye baadhi ya simu unafunga kwanza ndipo unashusha, kwa hiyo jaribu uone yako inataka mpangilio gani. Usipofunga, ukisogea hatua moja tu simu itapima upya, na picha tano za gauni moja zitatoka na weusi wa aina tano.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kupiga ni mapambo ambayo simu inayaweka yenyewe. Simu nyingi tunazotumia zinakuja na kile cha kulainisha uso kikiwa kimewashwa, na vilevile kile cha kutambua kinachopigwa na kukoleza rangi. Cha kwanza kinalainisha kitambaa kama kinavyolainisha ngozi, na chepeo la sufu linatoka kama plastiki. Vizime vyote viwili. HDR huwa naiacha kwa nguo za rangi, kwa nyeusi naizima pale simu inaporuhusu, kwa sababu kazi yake ni kuinua sehemu za giza, na hapa giza ndilo tunalolitaka.

Mwanga utoke ubavuni

Weusi wa nguo ukishapatikana, kinachobaki ni kuonyesha kitambaa, na kitambaa cheusi kinaonekana kwa vivuli vyake tu. Mwanga ukitoka mbele, kila uzi unaangazwa sawasawa na hakuna kivuli. Ukitoka ubavuni, kila mkunjo unapata upande wa mwanga na upande wa giza, na jicho linajua hapa ni krepe, hapa ni lesi, hapa ni pindo.

Dar jua linapanda juu haraka, na kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri halifai kabisa kwa kazi hii. Vivuli vinakuwa vikali, ukosi unaangusha alama nyeusi kifuani, na sehemu inayopigwa na jua inang'aa mpaka inageuka ya kahawia. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya hapo au kuanzia saa kumi jioni, tena mahali penye kivuli palipo wazi upande mmoja. Nyuma ya nyumba yetu paa limetokeza, ukuta uko kivulini, na uwanja upo upande wa kushoto. Mwanga unaingia kwa ubavu wenyewe bila mimi kufanya lolote. Anayeishi ghorofani au chumba kimoja anaweza kupata kitu kile kile kwa kutundika nguo ukutani hatua moja kutoka mlangoni, mlango ukiwa wazi na taa ya ndani imezimwa. Taa izimwe kweli. Mwanga wa balbu na mwanga wa nje ni wa rangi tofauti, simu haiwezi kuuridhisha wote kwa pamoja, na utapata gauni lenye upande wa njano na upande wa bluu.

Hapo sokoni kwenyewe ndipo pabaya zaidi. Mabanda mengi yamefunikwa turubai, na turubai la bluu linachuja mwanga wote unaoingia. Macho yetu yanazoea baada ya dakika chache, simu haizoei vizuri hivyo. Nguo nyeusi iliyopigwa chini ya turubai inatoka ya bluu iliyokolea, na bluu iliyokolea inatoka sijui nini. Ukilazimika kumtumia mteja picha ukiwa bado sokoni, toka nayo nje ya banda.

Upande ule usio na mwanga huwa naweka karatasi ya manila nyeupe, ile ya stationari, nimeibandika kwenye boksi ili isimame. Inarudisha mwanga kidogo kwenye upande wa giza. Kwa nguo nyeusi iweke mbali kidogo, kama urefu wa mkono, maana ukiisogeza sana unafuta vile vivuli tulivyovitafuta.

Gauni lenyewe

Nichukue gauni moja nililolipiga karibuni. Krepe nyeusi, mikono ya lesi, zipu mgongoni, lebo ya UK 12. Limetoka kwenye belo safi, ila lilikuwa limejikunja kama karatasi na lina manyoya meupe kila mahali.

Manyoya kwanza. Jicho linayapuuza, kamera haiyapuuzi. Kwenye nguo nyeusi yanaonekana kama vumbi la chaki. Zungushia seloteipu pana kwenye kiganja, upande wa gundi nje, upigepige kitambaa kuanzia mabegani kushuka chini. Ukifika kwenye lesi piga kwa upole, gundi inaweza kuvuta uzi. Kisha pasi, na pasi ya nguo nyeusi inapigwa ndani nje. Krepe nyingi za mitumba zina poliesta, na pasi ya moto ikigusa upande wa nje inaacha sehemu inayong'aa. Ule mng'ao ukipigwa na mwanga wa ubavuni unaonekana kama doa la mafuta, na hautoki. Ukilazimika kupiga upande wa nje, tandika juu yake kitambaa chepesi chenye unyevu.

Gauni likatundikwa kwenye henga nene la plastiki. Henga la waya linatoa vichomozi viwili mabegani na mteja atadhani bega limeharibika. Kiuno sikubana kwa vibanio nyuma. Najua wanaofanya hivyo ili gauni lionekane na umbo, lakini umbo hilo halimo kwenye gauni, na atakayelipokea atalivaa bila vibanio.

Lenzi nikaifuta kwa pamba. Simu inakaa kwenye mkoba pamoja na losheni na hela, na alama moja ya kidole inatosha kuweka ukungu juu ya weusi wote.

Halafu umbali. Watu wengi husimama karibu, simu usawa wa macho, wakainamisha. Lenzi ya simu inaona kwa upana, na kitu kilicho karibu nayo inakikuza: gauni linatoka na mabega makubwa na pindo dogo. Rudi nyuma hatua mbili au tatu, chuchumaa au kaa kwenye kigoda mpaka simu iwe usawa wa kiuno cha gauni, isimamishe wima, kisha vuta kwa 2x. Kwenye simu isiyo na lenzi ya kuvuta, hiyo 2x ni kukata tu katikati ya picha, na ni kweli ubora unapungua. Lakini hesabu yake ni hii: picha ya kawaida ya simu ina pikseli kama 4000 kwa 3000, ukikata nusu kila upande zinabaki 2000 kwa 1500, na Instagram itaipunguza mpaka upana wa 1080 kwa vyovyote vile. Kinachopotea hapo hakimfikii mteja, na umbo lililonyooka linamfikia.

Picha ya kwanza ni gauni zima mbele. Ya pili mgongo, zipu ikiwa imefungwa. Ya tatu lesi ya mkono: hapo nikaingiza karatasi nyeupe ndani ya mkono mmoja, maana lesi nyeusi juu ya ukuta wa kijivu maua yake hayasomeki, na juu ya weupe yanajitokeza yote. Ya nne ni lebo ya saizi na ya kitambaa pamoja. Ya tano ni futi kamba.

Hiyo ya tano naisisitiza kuliko zote. UK 12 ya duka moja si UK 12 ya duka jingine, na nguo ya mtumba imeshafuliwa, labda imerudi, labda imevutika. Laza gauni sakafuni, nyoosha bila kuvuta, weka futi kutoka kwapa hadi kwapa. Lile lilisoma inchi 19, maana yake kifua cha inchi 38, na picha inayoonyesha namba hiyo inafuta nusu ya maswali. Piga kutoka juu kabisa, simu iwe sambamba na sakafu. Ukipiga kwa pembeni, namba inasomeka nyingine.

Ya sita ilikuwa kasoro. Chini ya kwapa la kushoto kulikuwa na kitundu kidogo, na kitundu kwenye nguo nyeusi ni kazi kukionyesha, kwa sababu nyuma yake nako ni giza. Nikapitisha kipande cha manila nyeupe kwa ndani, kitundu kikawa nukta nyeupe, nikaweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili mtu ajue ukubwa wake. Kasoro za aina nyingine, kama vijipira vya nyuzi kwenye mapaja au alama ya kukunjwa iliyogoma kutoka, zinaonekana kwa mwanga unaolala. Subiri jioni, au washa tochi ya simu nyingine uilaze karibu kugusa kitambaa. Kila kilichovimba kitatoa kivuli chake. Hapo flashi ya kamera haikusaidii, inapiga moja kwa moja na kuficha kila kitu. Mteja aliyeona kitundu mapema anaomba punguzo, nampunguzia, yanaisha. Aliyekigundua nyumbani analirudisha gauni pamoja na nauli ya bodaboda.

Nguo nyeupe ni ile ile hesabu, imegeuzwa. Simu inaona weupe, inapunguza, shati linatoka la majivu. Ukuta ule ule, ila kijua unakipandisha, na unachokitazama ni mishono ya kola: ukiona inaanza kuyeyuka, rudisha chini kidogo. Nyekundu kali ina shida yake ya kujaa mpaka mikunjo inapotea, na dawa ni kupunguza mwanga kidogo tu.

Sasa kutuma. Kazi yote hii inaweza kufia kwenye WhatsApp. Ukituma picha kawaida inabanwa, na kwenye kubanwa kitu cha kwanza kuumia ni vile vivuli vidogo vidogo vya giza. Krepe inageuka mabaka ya mraba mraba. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD juu ya picha kabla hujaituma. Kibonyeze. Mteja anayetaka kuona lesi kwa karibu mtumie kama hati badala ya picha, itafika jinsi ilivyo. Na ukitaka kuirudisha kesho kwenye Status, ichukue kwenye galari yako uliyoipigia. Usipige skrinshoti ya Status ya jana, maana kila duru inakata tena kilichobaki. Maandishi ya bei na saizi yawe kwenye ukuta ulioachwa wazi pembeni, usiyaweke juu ya gauni.

Kabla ya kuweka hadharani, huwa naipitia picha kwenye simu ya mdogo wangu, ya bei ndogo, mwanga wa kioo ukiwa nusu. Wateja wengi wanatazama hivyo, kwenye daladala, kioo kimepunguzwa ili chaji ifike jioni. Kama mshono wa kiuno unaonekana pale, utaonekana kwingine. Kama hauonekani, nainua mwanga kidogo kwenye kuhariri, sehemu za giza peke yake, na ninaishia hapo.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna ukuta wala kijua kitakachokimaliza, nacho ni tofauti ya nyeusi na bluu iliyokolea sana. Vioo vya simu havifanani, kingine kinakoleza, kingine kinafifisha. Ninachofanya ni kuweka ndani ya picha kitu ambacho kila mtu anajua ni cheusi, kwa kawaida chaja ya simu au mkanda wa ngozi, vikae bega kwa bega na kitambaa. Bluu ikikaa karibu na nyeusi inajitaja. Na chini yake naandika kwa maneno: nyeusi, au bluu ya sare ya sekondari. Bado atatokea wa kuuliza. Huyo namtumia video fupi, kitambaa kiko mkononi mwangu, nakigeuza geuza mlangoni.